Daftari la Mauzo Linavyopunguza Kodi ya Mjasiriamali na Kumwachia Akiba

Mtu aliyejiajiri hana mwajiri wa kumkata kodi kabla ya mshahara kumfikia. Fedha yote humjia mkononi ikiwa haijagawanywa: sehemu ya Serikali, sehemu ya mwenye fremu, gharama za malighafi, mahitaji ya nyumbani, na kile ambacho kingeweza kuwekwa akiba. Kazi ya kuitenganisha ni yake mwenyewe, na asipoifanya kwa maandishi huifanya kwa kukisia. Kwa fundi cherehani, mama lishe, fundi seremala au muuza duka la rejareja wa Tanzania Bara, makisio hayo yana bei inayojulikana, kwa kuwa sheria imeiandika kwa tarakimu.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, imemwekea mfanyabiashara mdogo utaratibu wa kutozwa kodi kwa kuangalia mauzo ghafi ya mwaka, bila kupitia hesabu za faida na hasara. Utaratibu huu humhusu mtu binafsi mkazi wa nchini, ambaye kipato chake kinatokana na biashara pekee na mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka. Watoa huduma za kitaalamu, za ushauri, za kiufundi, za ujenzi na za mafunzo hawamo. Hao hutozwa kwa faida, kwa kuandaa hesabu.

Katika jedwali la viwango hivyo, kama lilivyorekebishwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu hadi wanapofika dirishani. Kwa wafanyabiashara wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 11, jedwali lina safu mbili. Safu moja ni ya asiyetunza kumbukumbu, na nyingine ni ya anayezitunza kama kifungu cha 35 cha Sheria ya Usimamizi wa Kodi kinavyotaka. Mauzo ni yaleyale, lakini kodi ni tofauti.

Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato katika safu yoyote. Anayezidi milioni 4 lakini hazidi milioni 7 hutozwa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu. Akiwa nazo, hutozwa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4 tu. Anayezidi milioni 7 bila kuvuka milioni 11 hutozwa shilingi 250,000 kama hana kumbukumbu. Akiwa nazo, hutozwa shilingi 90,000 na kuongezewa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7. Kuanzia juu ya milioni 11 hadi milioni 100, safu ya wasio na kumbukumbu haipo tena, na kodi ni asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Msomaji anayepiga hesabu ataona kwamba katika ngazi hizo mbili za chini hakuna kiwango cha mauzo ambacho mwenye daftari hulipa zaidi ya asiye nalo. Hata aliyefikisha milioni 11 kamili hulipa shilingi 210,000 akiwa na kumbukumbu, na shilingi 250,000 akiwa hana. Aliyeuza milioni 4 na laki 5 hulipa shilingi 15,000 badala ya laki moja. Kadiri mauzo yanavyokuwa karibu na mwanzo wa ngazi, ndivyo kukosa daftari kunavyogharimu zaidi, na hao walio mwanzoni mwa ngazi mara nyingi ndio wenye mtaji mdogo kuliko wenzao.

Mfano wa fundi wa nguo

Tuchukue mfano wa fundi cherehani mwenye fremu mjini Morogoro, ambaye mauzo yake ya mwaka ni shilingi 8,400,000, sawa na wastani wa shilingi 700,000 kwa mwezi. Akiwa hana kumbukumbu, kodi yake ya mapato ni shilingi 250,000. Akiwa nazo, hesabu huanzia shilingi 90,000. Kiasi kinachozidi milioni 7 ni shilingi 1,400,000, na asilimia 3 yake ni shilingi 42,000. Jumla ni shilingi 132,000. Tofauti ya shilingi 118,000 ndiyo thamani ya daftari kwa mwaka huo mmoja, kwa kodi peke yake.

Daftari lenyewe si jambo la kitaalamu. La kurasa mia moja lenye mistari linatosha, likiwa limechorwa safu za tarehe, maelezo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka kwa ajili ya biashara, na fedha aliyochukua mwenyewe kwa matumizi ya nyumbani. Safu hii ya mwisho ndiyo inayoachwa na wengi, nayo ndiyo yenye siri ya akiba, kama itakavyoonekana mbele.

Siku moja ya kazi ya fundi huyo inaweza kuandikwa hivi. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 3 Machi, 2025, droo ina shilingi 15,000 za kurudishia chenji. Mzazi anachukua sare mbili za shule na kulipa taslimu shilingi 25,000. Mteja mwingine analeta kitenge cha gauni na kuacha malipo ya awali ya shilingi 10,000. Wa tatu anapunguziwa suruali tatu na kulipa shilingi 12,000 kwa Lipa Namba. Fundi ananunua uzi na zipu kwa shilingi 9,000, anaweka umeme wa shilingi 5,000, na jioni anatuma nyumbani shilingi 15,000 taslimu.

Mauzo ya siku hiyo ni shilingi 47,000. Malipo ya awali ya gauni yanaandikwa siku yalipopokelewa, kwa kuwa sheria inamruhusu mtu binafsi kuhesabu kipato chake kwa msingi wa fedha taslimu. Salio la gauni litaandikwa siku litakapolipwa. Jambo la kuepuka ni kuandika bei nzima ya gauni siku ya kulichukua ilhali malipo ya awali yameshaandikwa, kwani hapo mauzo hurudufiwa na kodi hupanda bila sababu. Ndiyo maana katika safu ya maelezo inafaa kuandika namba ya oda, ili malipo mawili ya nguo moja yafahamiane.

Kisha droo inahesabiwa. Shilingi 15,000 za asubuhi, kuongeza 25,000 na 10,000 zilizopokelewa taslimu, kutoa 9,000 za uzi na zipu, 5,000 za umeme na 15,000 za nyumbani, zinapaswa kubaki shilingi 21,000. Zile 12,000 za Lipa Namba hazihusiki na droo. Zikikutwa shilingi 19,000, kuna shilingi 2,000 ambazo hazikuandikwa, na jioni hiyohiyo fundi bado anakumbuka kwamba alinunua chakula cha mchana. Akisubiri hadi mwisho wa wiki hatakumbuka tena. Uhesabuji wa droo huchukua dakika chache, na ndio unaotofautisha kumbukumbu na makisio yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri. Maofisa wanaokagua madaftari hulitambua upesi daftari lililojazwa kwa mkupuo: wino ni mmoja kuanzia Januari hadi Juni, kila siku ina mauzo ya tarakimu zenye masifuri, na hakuna siku hata moja ambayo kazi ilikuwa mbaya.

Mwezi wa sare za shule

Biashara ya ushonaji ina misimu. Januari shule zinafunguliwa, na foleni ya sare hufika nje ya fremu. Kabla ya Idi na Krismasi kazi huwa nyingi tena. Katikati yake kuna wiki za mvua za masika ambapo cherehani hukaa kimya. Tuseme Januari fundi wetu aliuza shilingi 1,400,000, mara mbili ya wastani wake.

Iwapo makadirio ya mwaka yatafanywa kwa kuutazama mwezi huo peke yake, mauzo yatahesabiwa kuwa shilingi 16,800,000, naye atawekwa katika ngazi ya asilimia 3.5. Kodi itasomeka shilingi 588,000, zaidi ya mara nne ya ile anayostahili. Hakuna aliyemwonea; aliyekadiria ametumia taarifa pekee aliyoiona, yaani foleni ya Januari. Fundi mwenye daftari la mwaka uliopita ataonesha jumla ya kila mwezi kwa miezi 12, na mazungumzo yatahusu shilingi 8,400,000. Asiye nalo atasema kwamba biashara ni ngumu, maneno ambayo maofisa huyasikia kutwa nzima kutoka kwa wanaostahili na wasiostahili.

Kwa sababu hiyo, mwisho wa kila mwezi ukurasa mmoja wa nyuma ya daftari uandikwe jumla ya mauzo ya mwezi, na pembeni maneno machache ya kueleza kilichotokea: msimu wa sare, masika, mgonjwa nyumbani siku tisa, cherehani kuharibika. Maelezo haya mafupi hayatakiwi na jedwali lolote la kodi, lakini yanaifanya kumbukumbu iaminike.

Kodi ya mwaka hulipwa kwa awamu nne, na mwisho wa kila awamu ni tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kwa fundi wetu kila awamu ni shilingi 33,000. Awamu ya kwanza hufika baada ya msimu wa sare, wakati fedha ipo. Ya pili huja baada ya masika, wakati mara nyingi haipo. Asiyeweka kando fedha ya Juni tangu Januari hulazimika kuitafuta kwa mkopo, na kuchelewa kulipa huongeza riba juu ya deni. Kama fundi hufanya kazi siku 300 kwa mwaka, kodi yake yote ni shilingi 440 kwa kila siku ya kazi. Kiasi hicho kikitengwa kila jioni baada ya kuhesabu droo, katika kibubu cha pekee au namba ya simu isiyotumika kwa jambo jingine, awamu ya Juni haitamshtua.

Hali ikibadilika katikati ya mwaka, makadirio yanaweza kurekebishwa kabla mwaka haujaisha. Fundi aliyekadiriwa kwa mauzo ya milioni 8 na laki 4, kisha akaugua na kufunga fremu kwa miezi miwili, anapaswa kwenda na daftari lake katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) inayomhudumia kuomba marekebisho. Ombi hilo lina nguvu mwezi Septemba kuliko mwezi Februari wa mwaka unaofuata.

Mkopo ulioonekana kama mauzo

Kosa linaloongoza kwa kupandisha kodi isivyo stahili ni kutumia namba moja ya simu kwa kila kitu. Malipo ya wateja, mchango wa harusi, fedha kutoka kwa ndugu, mchezo wa kupeana na mkopo wa SAKOSI vyote huingia katika namba ileile. Taarifa ya miamala ikichapishwa, karatasi haisemi kipi ni kipi. Huonesha tu fedha iliyoingia.

Tuseme mwaka unaofuata mauzo ya fundi yamekua hadi shilingi 10,400,000. Kodi yake akiwa na kumbukumbu ni shilingi 90,000 kuongeza asilimia 3 ya shilingi 3,400,000, yaani shilingi 192,000. Mwaka huohuo amekopa shilingi 1,500,000 kununua cherehani ya kudarizi, na mkopo umepitia simu yake. Ukihesabiwa kama mauzo, jumla inakuwa shilingi 11,900,000 na kodi inaruka hadi shilingi 416,500. Mkopo si mauzo, wala fedha ya ndugu si mauzo, wala mtaji aliouongeza mwenyewe kutoka katika akiba yake si mauzo. Lakini mzigo wa kuonesha hivyo uko kwake, na unabebwa kwa urahisi na mambo mawili: mkataba wa mkopo uliohifadhiwa, na namba ya Lipa Namba ambayo haipokei chochote isipokuwa malipo ya wateja.

Mfano huu unaonesha pia ukingo uliopo kwenye milioni 11. Mwenye mauzo ya milioni 11 kamili hulipa shilingi 210,000. Mwenye mauzo ya milioni 11 na laki moja hulipa shilingi 388,500, kwa kuwa asilimia 3.5 huhesabiwa kwenye mauzo yote, siyo kwenye nyongeza. Katika kiwango hichohicho ndipo pia unapoanzia wajibu wa kutumia mashine ya EFD katika kutoa risiti, na mashine hiyo ina gharama ya ununuzi na matengenezo. Wapo wanaolijua hili na kuacha kuandika mauzo ifikapo Novemba. Ni hesabu mbovu, kwa sababu miamala ya simu na ya benki haiachi kuandikwa, na risiti alizotoa muuzaji wa vitambaa zinaonesha kiasi alichonunua. Daftari linalosimama ghafla wakati manunuzi yanaendelea hupoteza heshima yake lote, pamoja na miezi kumi iliyokuwa ya kweli. Faida ya kuuona ukingo mapema ni nyingine. Fundi anayeona kwenye ukurasa wa Agosti kwamba ameshafikisha milioni 8 anajua kuwa mwaka huu atavuka, na ana miezi minne ya kuongeza fungu la kodi la kila jioni na kujiandaa kwa mashine.

Gharama zisizopunguza kodi

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini kuandika matumizi, ikiwa kodi hutozwa kwa mauzo. Ni swali la haki. Katika utaratibu wa mauzo ghafi, shilingi 9,000 za uzi na zipu hazipunguzi kodi hata senti moja. Mwenye duka la rejareja ambaye faida yake ni ndogo kwa kila kitu anachouza huumia zaidi kwa jambo hili kuliko fundi ambaye mauzo yake kwa sehemu kubwa ni ujira wa mikono.

Hata hivyo, sheria haimlazimishi mtu kubaki katika utaratibu huo. Anaweza kuchagua kutoutumia kwa mwaka husika, na badala yake akatozwa kwa faida kwa viwango vya watu binafsi. Katika viwango hivyo, shilingi 3,240,000 za kwanza za kipato cha mwaka hazitozwi, na zinazofuata hadi shilingi 6,240,000 hutozwa asilimia 8.

Turudi kwa fundi mwenye mauzo ya shilingi 8,400,000. Daftari lake linaonesha kwamba kwa wastani wa mwezi hutumia shilingi 190,000 kwa uzi, zipu, bitana na vifungo, 60,000 kwa pango, 25,000 kwa umeme, 15,000 kwa matengenezo ya cherehani, na 100,000 kwa mshonaji mwenzake anayemlipa kwa kila nguo. Jumla ni shilingi 390,000 kwa mwezi, au 4,680,000 kwa mwaka. Faida ni shilingi 3,720,000. Kiasi kinachozidi kiwango kisichotozwa ni shilingi 480,000, na asilimia 8 yake ni shilingi 38,400, ikilinganishwa na shilingi 132,000 za utaratibu wa mauzo.

Tofauti hiyo ya shilingi 93,600 inavutia, lakini ina masharti. Kila gharama iliyotajwa inahitaji ushahidi. Uzi ulionunuliwa bila risiti, pango lililolipwa bila maandishi na ujira wa mwenzake uliolipwa bila saini vinaweza kukataliwa, na kila kinachokataliwa huongeza faida inayotozwa. Mtu huyo atapaswa pia kuandaa hesabu na kuwasilisha ritani ya mwaka ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani kabla ya Juni kumalizika. Kama itambidi amlipe mtu wa kumwandalia hesabu, sehemu kubwa ya nafuu hiyo itaishia huko. Kwa fundi mwenye gharama ndogo, utaratibu wa mauzo ghafi kwa kawaida unatosha. Kwa muuza duka ambaye karibu mauzo yake yote hurudi kununua bidhaa, ni vema apige hesabu zote mbili mwezi Januari kabla ya kwenda kukadiriwa. Hawezi kuzipiga bila safu ya matumizi.

Risiti zenyewe zina udhaifu wake. Karatasi ya mashine ya EFD huchapwa kwa joto, na ikikaa kwenye jua la kibandani au karibu na pasi hufifia na kubaki nyeupe kabla ya mwaka kwisha. Ipigwe picha siku ileile au itolewe nakala, kisha ihifadhiwe kwenye bahasha ya mwezi wake.

Safu ya mwisho

Hadi hapa zimebaki shilingi 310,000 za faida ya mwezi. Zikitolewa shilingi 11,000 za kodi, fundi ana shilingi 299,000. Mafundi wengi wenye kipato cha namna hii husema hawaoni fedha hiyo inakokwenda, na wanasema kweli. Inatoka kwa vipande: nauli ya mtoto, kilo ya sukari, mchango wa msiba, vocha. Kila kipande ni halali, ila hakuna mahali ambapo vinakutana vikaonekana kwa pamoja, isipokuwa katika ile safu ya matumizi binafsi.

Mwezi wa kwanza wa kuijaza safu hiyo, jambo pekee linalotakiwa ni kuijaza. Mwezi wa pili fundi anaweza kujipangia ujira, tuseme shilingi 62,500 kila Jumamosi, zikiwa ni shilingi 250,000 kwa wiki nne, na kuacha kuchota kwenye droo siku za katikati. Kinachobaki, takribani shilingi 49,000 kwa mwezi, kinakuwa akiba inayojulikana kiasi chake. Kwa mwezi wenye Jumamosi tano akiba hiyo huliwa, na ni bora ajue mapema kuliko kushangaa. Kama asingekuwa na kumbukumbu, kodi yake ingekuwa karibu shilingi 21,000 kwa mwezi, na akiba hiyohiyo ingepungua hadi kama shilingi 39,000.

Akiba inayobaki kwenye droo ya biashara hugeuka mtaji wa uzi ndani ya wiki mbili, kwa hiyo inafaa ihamishwe. Wapo wanaoipeleka SAKOSI au VICOBA, ambako pia hujenga sifa ya kukopa. Wapo wanaonunua vipande katika mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS. Na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hupokea wanachama waliojiajiri wanaojichangia wenyewe kwa ajili ya uzee. Kwa watoa mikopo, daftari la miezi 12 lenye jumla za mwezi ni ushahidi wa kipato ambao mtu aliyejiajiri hana namna nyingine rahisi ya kuutoa, kwa kuwa hana hati ya mshahara.

Makadirio yanapokuwa makubwa mno

Inatokea mlipakodi akapewa makadirio asiyokubaliana nayo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inampa siku 30 kuanzia siku alipopokea hati ya makadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu, akieleza sababu. Katika kipindi hicho anatakiwa kulipa kiasi cha kodi asichokipinga au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Kwa fundi aliyekadiriwa shilingi 588,000 kwa sababu ya foleni ya Januari, kiasi asichokipinga ni shilingi 132,000 na theluthi ni shilingi 196,000. Atapaswa kulipa shilingi 196,000, isipokuwa kama ameomba kwa sababu za msingi na Kamishna akakubali kupunguza au kusamehe kiasi hicho. Asiporidhika na uamuzi wa pingamizi, hatua inayofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi.

Siku 30 ni chache kwa mtu anayeanza kutafuta karatasi, na ni nyingi kwa mwenye bahasha kumi na mbili. Barua ya pingamizi ya ukurasa mmoja, ikiambatana na nakala za kurasa za jumla za kila mwezi, taarifa ya miamala ya Lipa Namba na mkataba wa mkopo kama upo, inajitosheleza. Fundi abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa yenye tarehe, kwa kuwa mabishano kuhusu siku ya 30 huamuliwa na muhuri huo.

Mwenye mauzo yasiyofika milioni 4 naye asidhani kwamba haya hayamhusu. Kutotozwa kwake kunatokana na kiwango cha mauzo, na kiwango hicho kinahitaji kuoneshwa kama kingine chochote, hasa anapohitaji uthibitisho wa ulipaji kodi ili apate leseni ya biashara katika halmashauri yake. Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) hutolewa bila malipo, na malipo yote ya kodi hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia benki au simu. Anayedai alipwe fedha mkononi ili "asaidie" hapokei kwa niaba ya Serikali, na fedha hiyo haitaonekana katika akaunti ya mlipakodi.

Viwango vya kodi vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, ambayo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai. Mwenye biashara anashauriwa kulithibitisha jedwali katika ofisi ya TRA kila anapokwenda kukadiriwa. Madaftari, bahasha za risiti na uthibitisho wa malipo ya kila awamu vinatakiwa kutunzwa kwa miaka mitano. Daftari lililojaa lisifungiwe maandazi.